Gauni la harusi linakula faida siku linaporudi

Wengi mnaniuliza bei ya kukodisha gauni la harusi nimeipangaje. Leo naeleza, lakini nianze na gauni lililonitia hasara, maana hesabu yangu yote imetoka hapo.

Gauni langu la kwanza nililinunua Kariakoo kwa 600,000 nikalileta huku kwetu Morogoro. Nikawa nakodisha 120,000 kwa harusi moja, na dipoziti 50,000. Nilijiambia likitoka mara tano tu, hela yangu imerudi. Basi likatoka mara tano, nikafurahi, nikaposti picha.

Mara ya sita harusi ilikuwa Jumamosi. Gauni likarudi Jumanne jioni, limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Aliyelileta ni mama mkubwa wa bibi harusi, mtu mzima, mpole. Nikamwamkia, nikachungulia kifuani, nikaona shanga zipo, nikamrudishia 50,000 yake palepale. Nililifungua Ijumaa. Limepiga ukungu kwenye bitana, neti ya nyuma imechanika kwa kukanyagwa na kisigino, na tumboni kuna madoa ya kahawia ambayo Jumanne sikuyaona kabisa.

Nikampigia. "Shikamoo mama, gauni lina shida." Akaniambia, "Marahaba mwanangu, lakini si uliliangalia mbele yangu ukaridhika?" Alikuwa sahihi. Sikuwa na la kusema.

Sasa tupige hesabu. Kila gauni likirudi natumia kama 25,000 kulifua na kulinyoosha, na 10,000 naweka pembeni kwa ajili ya fundi. Hiyo ni 35,000. Kama gauni la 600,000 lingetoka mara 15, kila mara inabeba 40,000 ya bei ya kununulia. Jumla gharama 75,000, kwenye 120,000 nabaki na 45,000. Lakini langu lilikufa mara ya 6. Kila mara ikawa inabeba 100,000, ongeza 35,000, ni 135,000. Yaani kila bibi harusi nilimpa gauni langu na 15,000 juu! Mara sita ni hasara ya 90,000, na mimi nilikuwa nashangilia.

Kwa hiyo swali la kwanza sio "wenzangu wanakodisha bei gani?" Jiulize gauni lako litatoka mara ngapi kabla halijachoka. Na jibu linategemea sana siku ile linaporudi.

Siku hizi nafanya hivi. Kabla gauni halijatoka, namwita mteja tunaliangalia pamoja mchana, karibu na dirisha. Narekodi video fupi: kifua, kwapa, zipu, mkia, bitana. Namtumia wasapu saa hiyohiyo. Kama kuna doa la zamani nalionyesha mwenyewe, nisije nikamdai kitu ambacho hakufanya.

Dipoziti sasa ni 100,000. Harusi ikiwa Jumamosi, gauni lirudi Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, kwenye mfuko wa kitambaa ninaompa mimi. Dipoziti sirudishi mlangoni. Inarudi kwa simu ndani ya saa 24, baada ya kuliangalia. Mteja anajua hivyo tangu siku ya kulipia, imeandikwa na amesaini.

Kitu kingine kimeandikwa: kipi ni uchakavu wangu na kipi ni uharibifu wake. Jasho, vumbi la pindo, poda shingoni, shanga chache kudondoka, hivyo ni vyangu, nimeshaviweka kwenye bei. Huwezi kumpa mtu gauni linaloburuta chini halafu umdai pindo chafu. Mpasuko usiozidi kiganja ni 15,000. Ukizidi kiganja, kipande cha neti kinabadilishwa, ni 40,000. Mwaka jana dada mmoja alirudisha gauni na mpasuko mrefu kama mkono. Tukatazama video, tukatazama karatasi, nikakata 40,000 nikamtumia 60,000. Hakuna aliyenuna. Baadaye akaniletea mdogo wake.

Kufua nako kuna mpangilio. Likifika tu, nalitundika likauke kabisa, halafu napangusa vumbi la pindo kwa brashi laini likiwa kavu. Ukiloweka na udongo wetu mwekundu umeliingiza kwenye uzi. Poda na losheni shingoni ni mafuta, kwa hiyo napaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo, nasubiri, nasuuza. Mengine ni maji ya baridi na sabuni laini, kwa mkono, bila kukamua. Usiweke dawa ya klorini, maana neti ya nailoni na sehemu zenye mpira zinageuka njano.

Na usipige pasi kabla ya kufua. Yale madoa ya kahawia ya gauni langu yalikuwa soda nyeupe. Ikikauka huioni, lakini sukari yake inabadilika rangi siku zikipita, na moto wa pasi unaiharakisha. Ndiyo maana nafua tumbo na mapaja yote hata kama naona pasafi. Baada ya kukauka natumia mvuke, maana pasi ya moto inayeyusha neti.

Kwa fundi nimejifunza mambo mawili. Zipu ndiyo ilikuwa inanisumbua zaidi, kwa sababu kila bibi harusi ana mwili wake na wasaidizi wanavuta kwa nguvu. Nikamwambia fundi atoe zipu aweke kamba za kufunga mgongoni. Sasa gauni moja linawafaa wembamba na wanene kidogo, na halipasuki. La pili, kupunguza kunafanywa kwa mishono mirefu ya mkono inayofumuliwa kirahisi. Kitambaa hakikatwi hata mteja akibembeleza. Ukikata, umemshonea yeye.

Kutunza, gauni lenye shanga nyingi lina uzito, ukilitundika kwa mabega linavutika. Shonea vitanzi viwili ndani kiunoni, ulitundike kwa hivyo, ndani ya mfuko wa kitambaa. Nailoni inafungia unyevu.

Gauni langu la pili nalo nilinunua 600,000. Mara 10 za kwanza limetoka kwa 120,000. Kisha nikaliweka kando ya karatasi nyeupe mchana nikaona neti imeanza kuwa ya kijivu, na mshono wa kwapani nyuzi zimeanza kuachia. Nikashusha hadi 80,000, na ninawaambia wateja kwa nini. Wanaotaka la picha au la sendofu wanalichukua. Sasa limefika mara 14. Mapato ni 1,520,000. Toa 600,000 ya kununua na 490,000 ya kufua na fundi, nimebaki na 430,000 ambayo bado sijalipia chumba wala muda wangu.

Sio hela ya kutamba, lakini ni ya kweli, ipo kwenye daftari. Kila gauni lina ukurasa wake: limetoka lini, limerudi na nini, fundi alichukua ngapi. Wa suti pia fanyeni hivyohivyo, ila ninyi anzeni kukagua msamba wa suruali na bitana ya kwapa, ndiko suti huanza kuachia.