Siku ya Kupanda Mikoko Hupangwa na Mwezi

Tangazo la vijana la siku ya kupanda miti kwa kawaida huwa na mistari mitatu: miche, saa ya kukutana na vitu vya kubeba. Pwani, kila mstari una sababu yake. Tuchukue mfano wa kikundi kilicho kando ya Ghuba ya Gazi, Kwale, kinachotaka kupanda mikoko 600.

Tuanze na saa. Mkoko hupandwa kwenye tope linalofunikwa na maji mara mbili kwa siku, kwa hiyo kazi hungoja maji yapwe. Wakati wa bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji hutoka mbali na kufikia kina chake cha chini mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Mwezi ukiandama Alhamisi, watu huitwa Jumamosi saa mbili na nusu, wakafanya kazi na kutoka kabla maji hayajarudi. Wakiahirisha kwa wiki moja tu, wakaiacha saa ile ile, watakuta maji yanakaribia kujaa.

Miche ya mkoko haihitaji kitalu wala viriba. Tunda lake huota likiwa bado mtini, likawa fimbo ya kijani yenye urefu wa nusu mita hivi. Lililokomaa huonyesha pete ya manjano juu, na mti ukitikiswa huanguka lenyewe. Lenye matundu ya wadudu hutupwa. Kwa nafasi ya mita moja kila upande, miche 600 hutosha eneo la mita 30 kwa 20. Ncha iliyochongoka hushindiliwa chini, theluthi moja ya urefu ndani ya tope. Anayeugeuza mche huzika chipukizi.

Ndiyo maana tangazo haliagizi jembe. Beba viatu vya zamani vya kufunga kwa kamba, maana ndala hubaki topeni na chaza walioshika mizizi hukata nyayo. Beba pia gunia la kubebea miche, kijiti cha mita moja, kofia na maji ya kunywa.

Kosa kubwa ni la mahali. Sehemu inayotazama bahari ni ya mlilana, na mkoko ukipandwa huko hupigwa na mawimbi ukang'oka. Mkoko hukaa nyuma yake, na mkandaa nyuma zaidi, kuelekea nchi kavu. Angalia miti iliyoota yenyewe jirani, nayo itakuonyesha. Nchini Kenya, mikoko ni msitu wa hifadhi tangu 1932, hivyo mahali hapo lazima Shirika la Misitu likubali.

Ukisoma tangazo la namna hii, uliza jambo moja zaidi: nani atarudi baada ya miezi mitatu kuhesabu miche iliyotoa majani na kujaza mapengo? Kama hakuna jina, jitolee wewe.