Jasho, Chumvi na Mkanda wa Ngozi wa Saa

Mkanda wa ngozi wa saa huanza kuharibika upande usioonekana. Mikanda mingi ina tabaka mbili: ngozi ya juu iliyopakwa rangi na kung'arishwa, na bitana, yaani ngozi nyembamba ya ndani inayogusa mkono. Bitana kwa kawaida haipakwi kitu kizito, ili iwe laini mwilini, na kwa sababu hiyo hunywa jasho upesi. Juu mkanda unaweza kung'aa kama siku uliponunuliwa, kumbe chini umeshakuwa mweusi, mgumu na unanuka.

Sehemu kubwa ya jasho ni maji, lakini ndani yake mna chumvi na asidi kidogo. Maji yakikauka, hivyo hubaki. Ngozi nayo ni nyuzi zilizolainishwa kwa mafuta kiwandani. Kila inapolowa na kukauka, mafuta hayo hupungua na nyuzi hushikana. Ndipo mkanda hukakamaa na kupasuka, kwanza karibu na tundu linalotumika kila siku, kwani hapo ndipo unapokunjwa zaidi.

Pwani kuna tatizo la ziada. Chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu unapofikia takriban asilimia 75, na ndiyo sababu chumvi ya mezani hulowa na kugandamana Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Chumvi iliyojikusanya kwenye bitana hufanya vivyo hivyo. Mkanda ulioshiba jasho la wiki kadhaa ukiachwa mezani usiku, asubuhi bado una unyevu, na unyevu huo ndio chakula cha bakteria na kuvu. Watu wengi hukimbilia mafuta ya kupaka. Kinachotakiwa kwanza ni kuitoa chumvi.

Chukua mfano wa karani wa Dar es Salaam anayevaa saa moja tangu asubuhi hadi jioni mwezi wa Februari, na kurudi nyumbani kwa daladala iliyojaa. Akifika, avue saa, achovye kitambaa cha pamba kwenye maji safi, akikamue sana, kisha afute bitana, kingo na vile vikishikizo vidogo vinavyobana ncha ya mkanda. Afute tena kwa kitambaa kikavu, alaze saa kwa ubavu ili bitana ipate hewa, kivulini au mbele ya feni. Kazi hii haichukui hata dakika mbili. Kesho yake ni vizuri avae saa nyingine, au abadilishe mkanda, kwa sababu usiku mmoja wa joto la pwani mara nyingi hautoshi kuikausha ngozi mpaka ndani. Mkanda usibane pia. Ncha ya kidole ikipita chini yake, hewa nayo hupita.

Kila baada ya wiki mbili au tatu, mkanda uchomolewe kwenye saa na kusafishwa kwa sabuni ya ngozi. Povu liwe kwenye kitambaa, mkanda usichovywe majini, maana gundi inayounganisha tabaka huachia. (Maandishi ya kuzuia maji yaliyo nyuma ya saa yanahusu saa yenyewe, si mkanda.) Ufutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, uachwe siku nzima kivulini. Usianikwe juani wala kuwekwa karibu na jiko: ngozi iliyolowa ikipata joto kali hunywea, na hairudi tena. Ukishakauka, krimu ya ngozi ya ukubwa wa punje ya haragwe inatosha, tena ipakwe juu tu. Bitana ikipakwa hunata na kushika uchafu. Mafuta ya kupikia na ya nazi hayafai. Huchacha na kuiachia ngozi madoa.

Vumbi jeupe au la kijani mara nyingi ni kuvu. Lifutwe nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye spiriti kidogo sana, baada ya kujaribu sehemu iliyofichika, kwani spiriti inaweza kutoa rangi. Mkanda usiovaliwa usifungiwe kwenye mfuko wa plastiki. Ndani ya boksi, vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya husaidia, lakini vikishajaa maji havifanyi kazi tena.

Harufu ikirudi siku moja tu baada ya kusafisha, au tabaka zikiachana, mkanda umekwisha. Kabla ya kufunga mpya, fundi saa atazame zile pini mbili za springi zinazoushikilia: jasho huzila kwa kutu zikiwa zimefichika ndani ya ngozi, na pini ikikatika saa huanguka bila mwenyewe kujua.