Duka limefungwa, pini bado ipo

Fikiria mama aliyeuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Amefunga duka, ameshusha bango, funguo amezirudisha kwa mwenye nyumba. Miezi mitatu baadaye simu yake bado inaita: mteja aliyepanda daladala kutoka Mbagala amesimama mlangoni kwa muuza viatu, ameletwa hapo na Google Maps.

Kosa lake ni la kawaida. Alipofungua mipangilio ya ukurasa wa duka na kugusa Remove Business Profile, alikuta njia mbili, akachagua Remove profile content and managers. Hiyo humvua mtu usimamizi na kufuta alichokiweka mwenyewe, lakini pini inaweza kubaki kwenye ramani, safari hii bila mwenyewe. Alipaswa kuanza na Mark this business as permanently closed. Jina bado litaonekana kwa anayelitafuta, ila likiwa na maelezo kwamba duka limefungwa moja kwa moja. Kwa duka lililokuwepo kweli, hilo ndilo jibu sahihi. Asitarajie lifutike kana kwamba halikuwahi kuwepo.

Kisha kuna pini ya pili. Huenda mteja aliiweka zamani, akiandika jina kwa herufi tofauti kidogo na kutumia namba ya simu ya zamani. Kufunga ya kwanza hakuigusi hii. Aifungue kwenye ramani, aguse Suggest an edit, achague kufunga au kuondoa, aeleze kuwa ni nakala, kisha aonyeshe ile pini halisi. Asiiripoti ile halisi kuwa nakala ya hii, maana ndiyo yenye maoni ya wateja wake.

Penye ugumu hasa ni uthibitisho wa umiliki. Asiye mmiliki aliyethibitishwa hubaki kupendekeza tu, kisha husubiri pendekezo lipitiwe. Siku hizi uthibitisho mara nyingi huombwa kwa video isiyokatwa: mtaa na majirani, bango lenye jina, kisha ushahidi kuwa wewe ndiye msimamizi, kama kufungua mlango kwa ufunguo wako au kuingia nyuma ya kaunta. Mama wetu hana tena hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana nasisitiza: thibitisha kabla fundi hajashusha bango.

Kama ukurasa ulifunguliwa na kijana wa dukani kwa akaunti yake, mama aombe umiliki kwa Request access. Kijana ana siku 3 za kujibu. Akinyamaza, mama anaweza kupewa nafasi ya kujithibitisha mwenyewe.

Mwisho atafute duka lake kwa simu ya mtu mwingine, kwa tahajia zote anazozikumbuka, na kwa namba zake zote za simu, hata ile ya zamani.