Bima ya mwaka inayolipwa kwa mwezi

Tangu sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipoondoa ukiritimba wa SONAS, mwenye gari katika Kongo anaweza kulinganisha bei za kampuni mbalimbali za bima. Lakini katika bei hizo kuna maneno mawili yanayopoteza wengi: «kwa mwezi». Anayesikia «dola 22 kwa mwezi» hudhani ananunua ulinzi wa mwezi mmoja, kama anavyolipa kodi ya nyumba. Kumbe mara nyingi mkataba ni wa mwaka mzima, na kinachokatwa vipande ni deni lake.

Jirani yangu, dereva wa taksi, aliniletea mkataba wa namna hiyo, ulioandikwa kwa Kifaransa, nimfasirie. Akilipa mara moja, bei ni dola 240. Akilipa kwa vipande, atatoa dola 22 mara 12, na kipande cha kwanza siku ya kutia sahihi. Jumla ni dola 264, yaani nyongeza ya dola 24.

Nyongeza hiyo inaonekana kuwa asilimia 10 tu. Lakini yeye hakopeshwi dola 240 kwa mwaka mzima. Siku ya kwanza anabaki na deni la dola 218, nalo linapungua kila mwezi. Tukichukua wastani wa miezi 11 iliyobaki, anadaiwa karibu dola 120. Kulipa dola 24 juu ya deni la dola 120 ni riba ya karibu asilimia 20, tena kwa muda usiofika mwaka.

Kampuni ina sababu zake. Inaanza kubeba hatari siku ya kwanza huku fedha zikija polepole. Kila malipo yana gharama ya kuyapokea na kuyaandika, na kuna wateja wanaoacha kulipa katikati. Nyongeza hufidia hayo yote.

Kwa hiyo nilimwonyesha mambo matatu ya kutafuta katika mkataba. Kwanza, idadi ya vipande na ada inayoongezwa juu ya kila kimoja. Azidishe, kisha atoe bei ya mwaka. Pili, kinachotokea akichelewa: ulinzi unaweza kusimamishwa, na ajali ya siku hizo ikawa mzigo wake mwenyewe. Tatu, kinachotokea baada ya ajali, kwa maana kampuni inaweza kudai vipande vyote vilivyobaki au kuvikata katika fidia.

Vipande si vibaya daima. Kama jumla yake ni sawa na bei ya mwaka, kuvikataa hakuna faida. Na kama ili kupata dola 240 leo angelazimika kukopa mtaani kwa riba kubwa zaidi, basi dola 24 ndizo nafuu. Ila azihesabu kama bei ya mkopo, kwa kuwa ulinzi anaoupata ni uleule.