Safu Mbili za LinkedIn Mbele ya Mashine ya Kupokea Maombi ya Kazi

Ukibonyeza "Save to PDF" kwenye ukurasa wako wa LinkedIn, unapata faili linalopendeza macho. Kushoto kuna ukanda mwembamba wenye mawasiliano, ujuzi na lugha. Kulia, kwenye nafasi kubwa, kuna jina, muhtasari, kazi na masomo. Afisa ajira akilifungua ataelewa mara moja. Lakini kwenye kampuni nyingi kubwa yeye si msomaji wa kwanza. Anayetangulia ni mfumo wa kupokea maombi, kama Workday, Greenhouse au Taleo, ambao hulifumua faili na kujaza visanduku: jina, simu, cheo, mwajiri, tarehe.

Wengi huamini kwamba mfumo huo hutupa wasifu wenye safu mbili. Mara nyingi hautupi chochote. Kinachomwengua mtu papo hapo kwa kawaida ni jibu lake kwenye maswali ya sharti, mathalani kama ana kibali cha kufanya kazi nchini. Mpangilio mbaya huumiza kimyakimya: habari huingia kisanduku kisicho chake, na afisa anapotafuta wahasibu wenye uzoefu fulani, wewe huonekani.

Chanzo ni PDF yenyewe. Adobe waliitoa mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa. Kwa hiyo ndani yake mara nyingi hamna aya wala safu, bali maagizo ya kuweka herufi fulani mahali fulani. Programu inayochota maandishi ndiyo hukisia lipi linafuata lipi. Nyingine hufuata mfuatano uliomo ndani ya faili. Nyingine husoma mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia, zikivuka pengo la katikati.

Tuchukue mfano wa mhasibu wa kubuni aliyeanza kazi kiwandani mwaka 2019 na kupandishwa cheo mwaka 2021. Wasifu wake ukisomwa kwa mstari mzima unaweza kutoka hivi:

```
Top Skills Experience
SAP Kiwanda cha Maji
Excel 5 years 6 months
Languages Senior Accountant
Swahili March 2021 - June 2024
Accountant
January 2019 - February 2021
```

Angalia mstari wa kwanza. Mfumo hutegemea vichwa vya habari kujua sehemu ya kazi inaanzia wapi, na hapa vichwa viwili vimegandana. Mwajiri naye sasa anaweza kusomeka kama "SAP Kiwanda cha Maji", na cheo kikawa "Languages Senior Accountant".

Hata safu zikitenganishwa vizuri, kuna mtego wa pili. Mtu akiwa na vyeo viwili kwa mwajiri mmoja, LinkedIn huandika jina la mwajiri mara moja tu, juu kabisa. Cheo cha 2019 hubaki bila mwajiri karibu yake, na mfumo unaweza kukiacha au kukipachika pasipo pake. Maneno "Page 1 of 2" ya chini ya ukurasa nayo yanaweza kuangukia katikati ya maelezo ya kazi.

Kwa upande wa alama, nukta nyeusi ya kawaida ya kuorodhesha haina shida kubwa. Balaa ni herufi nzito za mapambo ambazo watu hunakili mtandaoni na kuziweka kwenye kichwa cha wasifu, kama 𝗔𝗰𝗰𝗼𝘂𝗻𝘁𝗮𝗻𝘁. Hizo si herufi za kawaida zilizokolezwa wino; ni alama za hisabati, kila moja ikiwa na namba yake katika Unicode. Kuna mifumo inayozirudisha kuwa herufi za kawaida, lakini kwa isiyofanya hivyo, neno "Accountant" halimo kabisa kwenye wasifu huo. Picha ndogo ya simu badala ya neno "Simu" nayo huweza kutoka kama kisanduku kitupu, na nyota tano za kupima ujuzi wa Excel, zikiwa zimechorwa, hazitoi neno lolote.

Kujua faili lako likoje ni rahisi. Lifungue, chagua yote, nakili, kisha bandika kwenye Notepad. Mwenye programu ya pdftotext anaweza kulinganisha njia mbili za usomaji:

```
pdftotext -raw wasifu.pdf -
pdftotext -layout wasifu.pdf -
```

Matokeo hayo si lazima yafanane na ya mfumo wa mwajiri, ila neno lililopotea hapo lina hatari ya kupotea na kule.

Mimi nisingetuma faili la LinkedIn lilivyo. Ningehamishia maneno yake kwenye Word, safu moja, jina la mwajiri likirudiwa kwa kila cheo, tarehe zikiwa na mwezi na mwaka, na namba ya simu ikiwa ndani ya ukurasa wenyewe, kwa sababu baadhi ya mifumo huruka kichwa na kijachini cha Word. Kisha, baada ya kupakia, ningepitia visanduku ambavyo mfumo umejijazia kabla ya kutuma. Kwenye fomu za Workday mara nyingi huonyeshwa na huruhusiwa kusahihishwa, cheo cha 2019 kikiwemo.