Karatasi ya Benki ya Kutumiwa Ng'ambo: Mihuri Hufuatana

Mkazi anayetaka karatasi ya benki ya Kenya ikubaliwe na ofisi ya nchi nyingine huipitisha kwa ofisi kadhaa, kila moja ikiweka muhuri wake. Ofisi hizo hazithibitishi kwamba pesa zilikuwepo. Kila moja huthibitisha saini ya aliyetangulia tu. Ukiruka mmoja, anayefuata hana saini anayoitambua, nawe utarudishwa.

Tuchukue mfano wa mkazi aliyemlipa muuzaji wa magari wa Dubai kupitia benki. Gari halikufika, naye amefungua kesi katika mahakama ya huko. Anahitaji kuonyesha kwamba alilipa.

Huanzia kwenye tawi la benki yake. Taarifa ya akaunti iliyochapishwa kutoka kwa simu haitoshi, kwa sababu haina saini ya mtu. Aombe barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe ya malipo, kiasi, jina na akaunti ya mpokeaji, na nambari ya muamala, iliyotiwa saini na muhuri na afisa wa benki. Jina lake liandikwe jinsi lilivyo kwenye pasipoti. Barua hiyo pia humwepusha kuanika matumizi yake yote mahakamani.

Kisha aipeleke kwa notari wa umma, yaani wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kwa kazi hiyo. Hapa wengi hukosea. Kamishna wa viapo hugonga muhuri unaofaa kwa shughuli nyingi za humu nchini, lakini si notari. Kabla ya kulipa, muulize wakili iwapo ana uteuzi wa notari.

Saini ya notari huthibitishwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Ya Msajili huthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje jijini Nairobi, ambako maombi hufanywa kupitia eCitizen. Muhuri wa Wizara nao huthibitishwa na Ubalozi wa Umoja wa Falme za Kiarabu, Nairobi. Barua ikifika huko, hupigwa muhuri wa mwisho na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo.

Tafsiri ya Kiarabu ndiyo hufuata. Ifanywe na mtafsiri wa sheria mwenye leseni ya Wizara ya Haki ya nchi hiyo. Barua ikitafsiriwa mapema, mihuri itakayoongezwa baadaye haitakuwa kwenye tafsiri, na huenda ukalipia kazi hiyo mara mbili.

Kila nchi ina masharti yake. Kabla ya kwenda benki, iombe ofisi inayodai karatasi ikuandikie ni mihuri gani inayotaka, lugha gani, na barua isizidi umri gani. Ubalozi mwingine hukataa barua iliyokaa sana, hata ikiwa na mihuri yote.