Ukungu Kwenye Ukuta wa Bafu

Swali: Picha inaonyesha ukuta wa bafu la nyumba ya matofali ya saruji wilayani Kibiti. Kwenye kona ya juu, mbali na dirisha, kuna madoa meusi ya duara, mengine yameungana.
(a) Madoa hayo ni nini?
(b) Utayaondoaje kwa usalama?
(c) Utayazuiaje yasirudi?

Maelezo ya jibu

(a) Ni ukungu, yaani aina ya kuvu. Usitegemee rangi peke yake, kwa kuwa masizi nayo ni meusi. Tazama umbo na mahali. Masizi hutanda juu ya jiko au taa, lakini ukungu huanza kama vidoa vya duara na kutanuka palipo na unyevu na hewa isiyozunguka. Ukiwa ukutani penyewe, dondoshea doa tone la jiki iliyochanganywa na maji. Likififia ndani ya dakika moja au mbili, yaelekea ni ukungu, masizi hayabadiliki. Usitaje spishi, kwa sababu picha haitoshi kuitambua.

(b) Fungua mlango na dirisha, kisha vaa glavu za mpira, barakoa na miwani ya kukinga macho. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Usikwangue ukuta ukiwa mkavu, maana spora zitaruka hewani na kuvutwa puani. Sugua kwa brashi, maji na sabuni, kisha suuza. Doa likibaki, tumia jiki isiyozidi kikombe kimoja (ml 250) katika lita 4 za maji. Kwa lita 2 utatumia ml 125. Acha dakika 10, suuza na ukaushe.

Kosa la hatari ni kuongeza dawa ya choo yenye asidi ili "kutia nguvu". Mmenyuko wake ni huu:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H₂O + Cl₂

Cl₂ ni gesi ya klorini, inayounguza macho na mapafu. Usichanganye jiki na siki wala amonia pia.

(c) Ondoa chanzo cha maji. Ziba bomba linalovuja au bati lililotoboka, acha dirisha wazi baada ya kuoga, na futa maji ukutani. Kupaka rangi juu ya ukungu hakusaidii, kwani utajitokeza tena.

Fikiria pia mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji yakishuka, kuta hubaki zimelowa, na ukungu waweza kuanza kuota baada ya saa 24 hadi 48. Hapo kazi ya kwanza ni kutoa magodoro na mikeka nje na kupitisha hewa ndani. Jiki hufuata baadaye, kwa sababu ukuta usiokauka utaota ukungu upya hata ukisuguliwa kila wiki.